Kengele ya wizi, moto wa jirani, na dai lililokufa kabla ya moto

Barua ya kukataa dai la bima mara nyingi ni fupi. Inataja namba ya hati, tarehe ya janga, kisha sentensi moja nzito: kwa kuwa waranti ya kengele haikutekelezwa, kampuni haiwajibiki kwa hasara hii. Aliyeunguliwa anaisoma mara ya pili na ya tatu, akidhani kuna ukurasa umesahaulika. Ghala lake limeteketea kwa moto ulioanzia jengo la jirani. Kengele inayotajwa ni ya wezi, na hakuna mwizi aliyeingia. Kengele ya wizi na moto vinahusiana vipi?

Havihusiani, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Wengi huhitimisha kwamba kampuni za bima zinaishi kwa hila. Wapo pia wanaomwambia mwenzao asijali, kwamba hakimu yeyote mwenye akili ataitupa barua hiyo. Yote mawili yanaweza kuwa makosa. Kanuni inayoiruhusu barua ya namna hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 200, na katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza ilisimama bila kutikisika kwa muda mrefu. Katika baadhi ya nchi imerekebishwa, kwingine bado ina meno yake yote. Ukijua inavyofanya kazi, unaweza kutambua barua iliyo na nguvu na barua ya kupingwa.

Tuanze na neno lenyewe. Dukani, waranti ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi: friji ikiharibika ndani ya mwaka, tutaitengeneza. Kwenye bima anayeahidi ni wewe uliyekata bima. Unaahidi kwamba jambo fulani liko hivi, au litafanyika hivi, muda wote wa bima: milango itakuwa na kufuli za aina fulani, mlinzi atakuwepo usiku, vitu vinavyoshika moto haraka havitahifadhiwa humo, kengele itakaguliwa kila baada ya miezi 6. Na ahadi hii si kama ahadi nyingine za mkataba. Kinga nzima imefungwa juu yake.

Fikiria uzi wa tasbihi. Ukikatika, hazianguki zile punje mbili tatu zilizo karibu na ulipokatikia. Zote zinamwagika. Waranti ya zamani ndivyo ilivyo. Ukiivunja, hupotezi kinga ya wizi peke yake kwa kuwa kengele ni ya wizi. Unapoteza kinga ya moto, ya mafuriko, ya dhoruba na ya kila kitu kilichomo kwenye hati.

Usiichanganye na orodha ya mambo yasiyokingwa. Hati ikisema haikingi vita, hakuna ahadi uliyovunja vita vikitokea. Jambo hilo lilikuwa nje ya uzio tangu mwanzo. Waranti iko ndani ya uzio, na inakudai wewe kitu.

Kesi ambayo wanasheria wa bima huianzia ni ya mwaka 1786, De Hahn dhidi ya Hartley. Meli iitwayo Juno ilikatiwa bima ya safari ya kutoka pwani ya Afrika hadi visiwa vya Karibi, njia ya biashara ya watumwa. Hati ilisema kwamba meli iliondoka Liverpool ikiwa na mabaharia 50 au zaidi. Iliondoka na 46. Saa chache baadaye ikatia nanga Beaumaris, kwenye kisiwa cha Anglesey, ikachukua watu 6 wengine. Ikaendelea na safari ikiwa na watu 52, wawili zaidi ya walioahidiwa. Baadaye kabisa meli ikatekwa na adui.

Mtoa bima alilipa. Alipogundua habari ya wale mabaharia 46, akafungua kesi kudai arudishiwe fedha zake. Baraza la wazee wa mahakama lilikiri kwamba katika kile kipande kifupi cha kwanza meli ilikuwa salama ikiwa na watu 46 sawasawa na ambavyo ingekuwa na 50. Upungufu haukumsaidia adui, na ulikuwa umezibwa kabla hatari haijakaribia. Hata hivyo mtoa bima akashinda. Lord Mansfield alieleza kwamba haijalishi waranti iliwekwa kwa sababu gani. Ikishawekwa, lazima itimizwe neno kwa neno, la sivyo hakuna mkataba.

Kwa macho ya leo inaonekana ukatili, lakini ilikuwa na mantiki yake. Mtoa bima aliyeweka sahihi hakuiona meli. Hakuwa na simu wala njia ya kutuma mtu kukagua. Alichokuwa nacho ni maneno ya mwenye meli, na alitaka awe na mambo machache ambayo yeyote anaweza kuyahesabu, ndiyo au hapana, bila kubishana baadaye kama yalikuwa na uzito. Shida ni kwamba kanuni iliyozaliwa baharini katika mazingira hayo ikapanda nchi kavu, ikaingia kwenye bima za maduka, magari na nyumba, kwa watu ambao hawakujua kwamba wanaahidi chochote.

Sheria ya Uingereza ya bima ya majini ya mwaka 1906 iliiandika kanuni hiyo waziwazi, na nchi nyingi ziliinakili. Fungu la 33 lilisema waranti lazima itimizwe kikamilifu, iwe ina uzito kwa hatari inayokingwa au haina. Isipotimizwa, mtoa bima alifunguliwa wajibu wake kuanzia siku ilipovunjwa. Fungu la 34 liliongeza kwamba kurekebisha kosa kabla ya hasara si utetezi. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Uingereza, katika kesi ya meli iitwayo Good Luck, ikaweka bayana jambo moja zaidi: kinga inakoma yenyewe papo hapo. Hakuna barua inayohitajika, wala uamuzi wa kampuni. Unaweza kuishi miezi mingi ukilipa ada ya bima ambayo haipo, wewe hujui na kampuni haijui.

Sasa turudi kwenye ghala letu tulihesabu kwa tarehe, kwa sababu katika mambo haya tarehe ndizo zinazoamua. Tuseme ni ghala la vitambaa la mama mmoja, na bima imeanza Januari 1. Waranti inasema kengele ya wizi itakaguliwa na fundi kabla Juni 30 haijapita. Mei wezi wanavunja na kubeba marobota kadhaa. Juni inapita, fundi hajaja. Anakuja Agosti 9, anafungua kisanduku ukutani, anapima betri, anabonyeza kitufe, king'ora kinalia, anaandika kwenye kadi iliyoning'inia hapo kwamba kila kitu kiko sawa. Novemba 20 moto unatoka kwa jirani na kumaliza kila kitu.

Kwa kanuni ya zamani, wizi wa Mei unalipwa. Ulitokea kabla ya ahadi kuvunjwa, na wajibu uliokwisha kuzaliwa haufi. Lakini kuanzia Julai 1 ghala halina kinga ya kitu chochote. Kadi ya fundi ya Agosti haimsaidii, kama mabaharia 6 wa Beaumaris hawakumsaidia mwenye meli. Moto wa Novemba haulipwi. Hata ada yake kwa kawaida haimrudii, kwa sababu kampuni ilikwisha kubeba hatari kwa miezi 6 ya mwanzo. Dai hili lilikufa karibu miezi mitano kabla ya moto wenyewe.

Uingereza, kulikozaliwa kanuni, ilichoka nayo. Sheria yake ya bima ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 12, 2016, ilibadili mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza, kuvunja waranti hakuiui tena kinga, kunaisimamisha. Ukirekebisha, kinga inarudi. Ikiwa ahadi ilikuwa ya kufanya jambo kufikia tarehe fulani na tarehe imepita, ambapo huwezi kurudisha saa nyuma, sheria inauliza kama hatari sasa imerudi kuwa kimsingi ile ile waliyokubaliana. Kwa ghala letu, kazi ya fundi ya Agosti 9 inaelekea kutosha kuiamsha kinga, na moto wa Novemba unalipwa.

La pili ndilo linalojibu swali la mtu mwenye barua mkononi. Kama sharti linalenga kupunguza hasara ya aina fulani, ya mahali fulani au ya wakati fulani, kampuni haiwezi kulitumia kukataa dai ikiwa mwenye bima ataonyesha kwamba kutolitimiza kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, kwa namna ilivyotokea. Kengele inapunguza wizi. Moto wa jirani haujali kengele. Hata kama moto huo ungetokea Julai, fundi akiwa bado hajafika, mama yetu angekuwa na jibu.

Soma maneno hayo polepole, maana yana mtego. Mzigo wa kuonyesha uko kwako, si kwa kampuni. Na hauulizwi kama kosa lako ndilo lililosababisha hasara. Unaulizwa kama lingeweza kuongeza hatari yake. Wizi wa Julai, kengele ikiwa imelia vizuri lakini haijakaguliwa, hauna jibu jepesi namna hiyo. Tena kinga hii haigusi maneno yanayoeleza bima nzima ni ya kitu gani: bima ya gari la matumizi binafsi haigeuki kuwa ya teksi kwa sababu ajali haikuhusiana na abiria. Na kwa bima za biashara, pande mbili zinaweza kukubaliana kuiweka sheria hii kando, mradi kampuni iwe imelieleza jambo hilo kwa uwazi.

Nchi nyingine zilitangulia. New Zealand ilirekebisha mwaka 1977, Australia mwaka 1984, kila moja kwa maneno yake. Nyingine bado zinafuata ile ya 1906 au kanuni za majaji zilizojengwa juu yake. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa mbele ya barua ya kukataliwa ni hili: hati inasema inaongozwa na sheria ya nchi gani? Jibu mara nyingi liko kwenye mstari mmoja karibu na mwisho.

Ndugu wa waranti ni sharti tangulizi: jambo ambalo lazima litangulie kabla wajibu wa kampuni kuzaliwa. Ni kama abiria wa ndege aliyelipa nauli na viti vitupu bado vipo, ila amefika langoni baada ya kufungwa. Hakuna anayeuliza kuchelewa kwake kumemdhuru nani. Lango lilikuwa sharti.

Masharti haya yako ya aina zaidi ya moja. Lipo linalotangulia bima yenyewe kuanza, mfano kwamba hakuna kinga mpaka ada ilipwe. Linaloumiza wengi ni lile linalotangulia malipo ya dai: toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku kadhaa, toa ripoti polisi ndani ya muda fulani, usikiri kosa kwa mtu wa tatu bila idhini, lete hesabu za stoo. Tofauti yake na waranti ya zamani ni hii: ukilivunja, unapoteza dai hilo moja, lakini bima inabaki hai kwa dai lijalo. Aliyepoteza kila kitu katika janga hilo moja hafarijiki sana.

Tuseme mama yetu amevuka kikwazo cha kengele. Hati inataka taarifa ya maandishi kwa kampuni ndani ya siku 7. Asubuhi ya moto, moshi bado unatoka, anampigia dalali aliyemkatia bima. Dalali anasema, "Pole sana dada, nimeshajua, tutashughulikia." Anatulia. Barua ya kwanza inafika kampuni siku ya 19. Hapo kuna makosa mawili. Simu si maandishi. Na dalali, ingawa watu wengi humwona kama kampuni yenyewe, kwa kawaida kisheria ni mtu wako wewe. Akijua yeye, si lazima kampuni iwe imejua. Wakala aliyeteuliwa na kampuni ni habari nyingine, na ndiyo maana ni vizuri kujua unayeongea naye ni yupi.

Kama kifungu hicho ni sharti tangulizi, dai linaanguka, na kampuni haidaiwi kuonyesha kwamba zile siku 12 ziliidhuru. Kama ni sharti la kawaida tu, mambo yanageuka: kampuni inalipa dai, na inaweza tu kudai fidia ya hasara iliyoipata kwa kucheleweshwa, ambayo mara nyingi ni ndogo au haipo. Kifungu kile kile, siku zile zile, na tofauti ni kati ya kulipwa na kutolipwa.

Hapa pia ndipo marekebisho ya Uingereza yanapoishia. Watu husikia kwamba sheria mpya imemaliza visingizio visivyohusiana na hasara, wakadhani kuchelewa kutoa taarifa kumesamehewa. Kile kifungu cha 2015 kinahusu masharti yanayopunguza hatari ya hasara kutokea. Taarifa inatolewa baada ya hasara. Haipunguzi hatari ya moto hata kidogo. Kwa hiyo sharti tangulizi la taarifa linabaki na nguvu yake. Australia ilikwenda mbali zaidi: huko kampuni kwa ujumla haiwezi kukataa dai lote kwa kosa la namna hiyo, inaweza tu kupunguza malipo kwa kiasi ilichoathirika. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya haki zaidi.

Utajuaje kifungu ni cha aina gani? Neno "waranti" ni dalili, si uthibitisho. Majaji huangalia kifungu kinafanya kazi gani. Tafuta maneno kama "kampuni haitawajibika isipokuwa", "kwa sharti kwamba", "ni sharti tangulizi kwa wajibu wowote". Na usiishie kwenye kifungu chenyewe. Kampuni nyingi huweka sentensi moja, mwanzoni au mwishoni mwa masharti ya jumla, isemayo kwamba kutimizwa kwa masharti yote ya hati hii ni sharti tangulizi kwa malipo. Sentensi hiyo moja inaweza kuvipandisha cheo vifungu vyote vilivyokuwa vya kawaida. Nimewaona watu wakisoma kifungu cha taarifa kwa makini, wakaridhika, bila kujua kwamba nguvu yake iko kurasa 9 mbele.

Kwa upande wako kuna hili: maneno yenye utata hutafsiriwa dhidi ya aliyeyaandika, na majaji wanajua ukali wa waranti, kwa hiyo hawaioni kirahisi. Mwaka 1996, katika kesi ya Hussain dhidi ya Brown, mwenye jengo alikuwa amejibu kwenye fomu ya maombi kwamba jengo lina kengele ya wizi. Baadaye huduma ya kengele ilisitishwa kwa kuwa hakulipia. Jengo likaungua. Kampuni ikasema ameahidi kengele itafanya kazi siku zote. Mahakama ya rufaa ikakataa: swali liliulizwa kwa wakati uliopo, likajibiwa kwa wakati uliopo, na jibu lilikuwa la kweli siku ile. Kama kampuni ilitaka ahadi ya siku zijazo, ilipaswa kuiandika. Kwa hiyo ukiandikiwa kwamba umevunja waranti, tafuta sentensi yenyewe uone kitenzi chake: ina, au itakuwa na?

Utetezi mwingine unaotajwa sana ni kwamba kampuni ilijua ikanyamaza. Kunyamaza peke yake hakutoshi. Kinachoweza kusaidia ni kampuni kujua kosa kisha kutenda au kusema kana kwamba bima ipo, nawe ukaitegemea kauli hiyo. Ndiyo sababu siku chache baada ya taarifa yako hupokea barua isemayo kwamba wanachunguza "bila kuathiri haki zao". Wengi huiona kuwa adabu za ofisini. Ni kinga dhidi ya utetezi huo hasa, na mara nyingi inamaanisha mtu ameshaona jambo kwenye faili lako. Ukiipata, omba kwa maandishi wakutajie kifungu gani wanachokifikiria, na endelea kutimiza kila kitu kilichobaki: tarehe za hesabu, picha, mabaki yasiguswe mpaka mkadiria hasara aje. Usiongeze kosa la pili juu ya la kwanza.

Lakini nafasi nzuri kuliko zote ilikuwa Juni, fundi aliposema hana nafasi hadi Agosti. Wakati huo ujumbe wa mistari mitatu ungeokoa ghala zima: "Ukaguzi wa kengele unaotakiwa kabla ya Juni 30 utafanyika Agosti 9 kwa sababu fundi hana nafasi. Kengele inafanya kazi, na hadi siku hiyo tutaweka mlinzi usiku. Tunaomba mthibitishe kwa maandishi, kabla ya Juni 30, kwamba tarehe mpya imekubaliwa na bima inaendelea." Uende kwa kampuni moja kwa moja, nakala kwa dalali. Jibu likija kwa simu, andika mara moja: "Nimeelewa kutoka kwenye mazungumzo yetu ya leo kwamba mmekubali." Na likija la kukataa, bado una siku za kutafuta fundi mwingine.